Chanjo Hufanyaje Kazi, na kwa Nini Wapo Waliochanjwa Wanaougua?

Hotuba ya Ofisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, Siku ya Sayansi. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi wa kata zote za wilaya.



Nimepewa dakika chache nizungumzie chanjo. Nimeona nichukue swali moja ambalo watumishi wetu wa afya huulizwa mara kwa mara, Kilwa Masoko, Kivinje, Songosongo na kwingineko. Mzazi husema: “Mtoto wa jirani alichanjwa surua, na surua ikampata vilevile. Sasa chanjo ina faida gani?” Swali hilo si la dharau, ni swali la kisayansi, na halijibiwi kwa kukemea. Ili tulijibu tunahitaji mambo mawili mnayosoma darasani, yaani baiolojia kidogo na hesabu kidogo. Tuanze na baiolojia.

Katika damu yetu na katika tezi za mwili, zile zinazovimba na kuitwa mitoki mtu apatapo kidonda mguuni, zimo seli nyeupe za aina nyingi. Baadhi yake zina kazi ya kutambua vijidudu. Kila seli ya kundi hilo huzaliwa na umbo lake la kunasia, na umbo hilo hushika kitu cha namna moja tu. Wavuvi wetu wanalielewa jambo hili: wavu wa dagaa si wavu wa papa. Mwili una mamilioni ya nyavu za namna mbalimbali, lakini zile zinazofaa kwa kirusi cha surua ni chache mno kwa mtoto ambaye hajawahi kukutana nacho.

Kirusi cha surua kiingiapo kwa njia ya pumzi, hakingojei. Huanza kuzaliana mara moja. Seli chache zinazokitambua nazo huanza kugawanyika, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, kisha hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini ndogo zinazoelea katika damu na kukigandama kirusi kisiweze kuingia katika seli nyingine. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Homa ya surua huanza yapata siku ya 10 tangu kuambukizwa, na vipele hutokea yapata siku ya 14. Hayo ni mashindano ya mbio, na kirusi kimetangulia. Watoto wengi hushinda hatimaye, lakini wapo wanaopata nimonia, wapo wanaoharisha hadi kuishiwa maji, wapo wanaopofuka macho, na wapo wanaofariki.

Vita vikiisha, seli zilizoshiriki hazifi zote. Baadhi hubaki kwa miaka mingi, na kwa surua hubaki karibu maisha yote. Hizo huitwa seli za kumbukumbu. Kirusi kilekile kikirudi, hazianzi na seli chache tena, bali na jeshi lililokwisha kufundishwa. Kirusi huzimwa kabla mwenye mwili hajajua kwamba kimeingia. Ndiyo sababu aliyewahi kuugua surua haugui tena.

Chanjo huupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha katika ugonjwa wenyewe. Katika chanjo ya surua mna kirusi hai cha surua kilichodhoofishwa. Mwaka 1954, nchini Marekani, mtaalamu John Enders na wenzake walikitoa kirusi kwa mvulana aliyekuwa mgonjwa, wakakikuza maabara mara nyingi, hatimaye katika seli za kiinitete cha kuku. Kila kilipozoea seli za kuku, kilipoteza ustadi wa kuishi katika seli za binadamu. Chanjo iliyotokana na kazi hiyo iliruhusiwa kutumika mwaka 1963. Kirusi hicho kina sura ileile ya surua, hivyo seli zetu hujifunza kukitambua, lakini hakina nguvu ya kuuangusha mwili. Mtoto aweza kupata homa ndogo, au vipele vichache, kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya kuchanjwa. Hiyo ni dalili kwamba somo linaendelea, na hupita.

Pengine mmoja wenu atauliza: kama ugonjwa nao huacha kumbukumbu, kwa nini tusiuache uje wenyewe? Jibu moja ni hatari niliyokwisha kuitaja. Jibu la pili limethibitishwa na tafiti zilizochapishwa mwaka 2019. Kirusi cha kweli cha surua hushambulia hizo hizo seli za kumbukumbu. Mtoto aliyepona surua hupoteza sehemu ya kinga aliyokuwa amejipatia dhidi ya magonjwa mengine, akalazimika kuanza upya. Kirusi kilichodhoofishwa hakifanyi hivyo.

Sasa turudi kwa mtoto wa jirani aliyechanjwa na bado akaugua. Hapa nchini chanjo ya surua, ambayo huchanganywa na ya rubela, hutolewa mtoto afikishapo miezi 9, kisha miezi 18. Miezi hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Akiba hiyo humlinda mtoto katika miezi ya mwanzo, halafu hupungua kidogo kidogo hadi kwisha. Tatizo ni kwamba kingamwili za mama hazibagui: zikikikuta kirusi cha chanjo, nacho hukizima kabla seli za mtoto hazijajifunza kitu. Tukichanja mapema mno, chanjo hupotea bure. Tukichelewa mno, mtoto hukaa bila akiba ya mama na bila ya kwake, na surua yaweza kumkuta hapo. Miezi 9 ni mahali pa katikati.

Lakini watoto hawafanani. Kwa wengine akiba ya mama huisha mapema, kwa wengine huchelewa. Kwa hiyo, tukiwachanja watoto 100 wa miezi 9, yapata 85 watapata kinga ya kudumu na yapata 15 hawatapata. Kwa kumtazama mtoto huwezi kujua yumo katika kundi lipi. Ndipo inapokuja dozi ya pili. Wengi hudhani dozi hiyo ni ya kuongeza nguvu kwa kilichopo. Kwa surua kazi yake kubwa ni nyingine: ni kuwapa nafasi ya pili wale 15. Mtoto wa miezi 18 hana tena kingamwili za mama zinazoingilia, na wengi sana kati ya hao 15 hukinga safari hii. Wanaobaki bila kinga baada ya dozi mbili ni wachache, pengine 2 au 3 katika 100. Mzazi anayesema “alikwisha kuchanjwa” akiwa na maana ya dozi moja, hana namna ya kujua kama wake ni miongoni mwa wale 85 au wale 15.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme kuna kijiji chenye watoto 200. Watoto 180 wamechanjwa dozi moja, na 20 hawakuchanjwa kabisa. Surua imeingia, na tuchukulie kwamba kila asiye na kinga ameambukizwa. Wale 20 wote wataugua. Katika wale 180, asilimia 15 hawakupata kinga, na asilimia 15 ya 180 ni 27. Jumla ya wagonjwa ni 47. Mtu akisimama mlangoni mwa zahanati akiwahesabu wanaoingia, atakuta 27 kati ya 47 wamechanjwa. Ni zaidi ya nusu! Atarudi nyumbani akatangaze kwamba waliochanjwa ndio wanaougua zaidi.

Amehesabu sawasawa, ila amewahesabu watu wa upande mmoja tu. Hakuwahesabu waliobaki nyumbani wakiwa wazima. Tugawe upya. Waliochanjwa walikuwa 180, wakaugua 27, yaani 15 katika kila 100. Wasiochanjwa walikuwa 20, wakaugua 20, yaani 100 katika kila 100. Hatari ya asiyechanjwa ilikuwa karibu mara 7 ya hatari ya aliyechanjwa. Wagonjwa waliochanjwa walionekana wengi kwa sababu waliochanjwa wenyewe ni wengi kijijini. Kwa hiyo, mtu akikuambia idadi ya wagonjwa wa kundi fulani, mwulize kwanza: kundi zima lilikuwa la watu wangapi?

Jambo la tatu ni kwamba chanjo humlinda hata asiyechanjwa, kwa sharti moja. Surua huenea kwa hewa, na kirusi chake chaweza kukaa katika hewa ya chumba hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, akiwa bado darasani au sokoni, akidhani ana mafua. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Tuchukue 15.

Tuseme mgonjwa huyo amefika katika kata ambako watu 10 katika kila 15 wana kinga. Watakaoambukizwa ni 5. Baada ya wiki 2 hivi, kila mmoja wa hao 5 huambukiza wengine 5, wakawa 25. Wiki 2 nyingine, wakawa 125. Sasa tuseme kata hiyo ina watu 14 wenye kinga katika kila 15. Mgonjwa ataambukiza mmoja, naye mmoja, na wenye kinga wakizidi hapo, mnyororo hukatika wenyewe. Gawanya 14 kwa 15, utapata asilimia 93 na kitu. Ndiyo sababu wataalamu huweka lengo la asilimia 95 kwa dozi zote mbili. Katika uzio huo hukaa kichanga cha miezi 5 ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika, na mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi kupokea chanjo ya kirusi hai.

Lakini uzio huo hauangalii wastani. Wilaya nzima yaweza kufikisha asilimia 95, huku kitongoji kimoja au kisiwa kimoja kikiwa na asilimia 60. Kirusi hakisomi taarifa ya wilaya. Kikifika kitongoji hicho kitakuta watu 6 wasio na kinga katika kila 15, na kitaenea.

Kwamba mnyororo waweza kukatwa kabisa, tumeliona katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, mbali kidogo kaskazini yetu. Mwezi Oktoba mwaka 1977, katika mji wa Merka, Somalia, kijana aliyeitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari lililokuwa likiwapeleka watoto 2 wagonjwa wa ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Ilikuwa safari fupi tu. Hakuwa amechanjwa, alisema baadaye kwamba aliiogopa sindano. Alipougua, kwanza ilidhaniwa ni malaria, kisha tetekuwanga, ndipo ikajulikana ni ndui. Watumishi wa afya waliwatafuta wote aliokutana nao, wakawachanja wao na watu waliowazunguka, wakawafuatilia. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Maalin alipona, na miaka ya baadaye aliifanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio nchini mwake. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya asili, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Ndui iliwezekana kuzungushiwa uzio wa haraka kwa sababu mgonjwa wake huambukiza zaidi baada ya vipele kuonekana. Surua hutangulia vipele vyake. Ndiyo maana kwa surua uzio lazima uwe umejengwa kabla mgonjwa wa kwanza hajafika.

Mwisho, tuangalie mahali ambapo chanjo nzuri huweza kuharibika. Kirusi dhaifu kilicho ndani ya kichupa ni kitu hai, na joto hukiua. Chanjo hukaa katika nyuzi joto 2 hadi 8 tangu inapohifadhiwa mkoani na wilayani, hadi katika kasha lenye barafu linalopanda boti kwenda visiwani. Safari hiyo yote huitwa mnyororo baridi. Chanjo ya surua husafirishwa ikiwa unga mkavu, kwa kuwa ikiwa kavu huvumilia zaidi. Ikishachanganywa na maji yake maalumu, hutakiwa kutumika ndani ya saa 6, au kabla ya kipindi cha chanjo kwisha kama kitakwisha mapema, kinachobaki hutupwa. Kichupa kimoja mara nyingi huwa na dozi 10. Ndiyo sababu zahanati nyingi hupanga siku maalumu za chanjo, watoto wakakusanyika pamoja. Mzazi akiambiwa siku, aishike siku hiyo.

Muuguzi hujuaje kwamba kichupa hakikupata joto njiani? Hapo pana sayansi nzuri ambayo ningependa muione kwa macho yenu mtakapofika zahanati. Juu ya kichupa pamebandikwa alama ndogo: duara lenye rangi, na ndani yake mraba mweupe. Mraba huo umepakwa kemikali inayobadilika rangi kidogo kidogo kadiri inavyopata joto, na haiwezi kurudi nyuma. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Mraba ukifanana rangi na duara, au ukiwa na rangi nzito zaidi, kichupa hakitumiki tena. Mzazi yeyote anaruhusiwa kumwomba muuguzi amwonyeshe alama hiyo kabla kichupa hakijafunguliwa.

Chanjo nyingine huogopa baridi kali kuliko joto. Ya pepopunda, kwa mfano, ikigandishwa kuwa barafu huharibika, hata ikiyeyuka tena na kuonekana nzuri. Chembechembe zake hushikamana, na kichupa kikitikiswa na kuachwa kimesimama, hutuama chini upesi kuliko za kichupa kizima. Katika kundi hili imo pia chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawahusu wasichana walio mbele yangu. Nchini kwetu ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haina kirusi hai. Ina maganda matupu ya protini yenye umbo la kirusi, yanayotosha kuzifundisha seli. Kwamba dozi moja inatosha, sehemu ya ushahidi imetoka Mwanza, katika utafiti uliowahusisha wasichana 930 wa Kitanzania wa umri huo. Hutolewa mapema kwa sababu ile ile tuliyoanza nayo: kumbukumbu lazima itangulie kirusi.

Wanafunzi, leo jioni mkifika nyumbani, iombeni kadi ya kliniki ya mdogo wenu. Tazameni mahali palipoandikwa surua-rubela: miezi 9 na miezi 18. Kama mtoto amepita umri huo na tarehe moja haipo, mwambieni mama au baba kwamba hajachelewa moja kwa moja; ampeleke mtoto zahanati na kadi yake, muuguzi ataangalia. Na jirani akirudia lile swali la mtoto aliyechanjwa akaugua, msimbishie. Mketisheni, mumpe hesabu ya watoto 200.